Kugongwa na kifutu: la kufanya kabla ya kufika hospitali, na kwa nini kamba, wembe na jiwe la nyoka vinaongeza madhara

Mtu aliyegongwa na nyoka akiletwa kituoni, huwa sianzi kutafuta alama za meno. Natazama kwanza juu ya kidonda kama kuna kamba. Kamba ikiwepo, najua usiku utakuwa mrefu, kwa sababu nitakuwa natibu mambo mawili: sumu ya nyoka na kazi ya mikono ya ndugu zake.

Mimi ni tabibu. Nimefanya kazi miaka mingi vijijini mkoani Tanga, na mvua zikianza watu wakashika jembe, nasi tunaanza kupokea waliogongwa. Nyoka wengi wamo katika hadithi zao, ila anayetuletea wagonjwa wabaya zaidi ni kifutu, ambaye sehemu nyingine huitwa bafe au moma. Ni mfupi, mnene, ana mistari kama mikunjo ya mkeka mgongoni, na kosa lake kubwa kwetu ni kwamba hakimbii. Nyoka wengine wakisikia nyayo huondoka. Kifutu hulala palepale njiani akitegemea rangi yake imfiche, mpaka umkanyage.

Ndivyo alivyokanyagwa na mkulima mmoja ambaye nitamfuata katika maelezo haya. Alikuwa anarudi nyumbani saa moja jioni, amevaa ndala, hana tochi. Akagongwa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Alitufikia saa tano na nusu usiku. Katika saa nne na nusu hizo karibu kila kosa lilifanyika, tena kwa upendo.

Dakika tano za kwanza

Kwanza ondoka pale alipo nyoka, hatua chache tu, kwa sababu anaweza kugonga tena, na hata wewe unayekuja kusaidia. Usimsake kwa fimbo. Kila msimu napata mgonjwa wa pili kutoka tukio moja, yule aliyekwenda kulipiza kisasi. Kichwa cha nyoka kilichokatwa nacho kinaweza kung'ata kwa muda baada ya kukatwa, kwa hiyo msimlete ndani ya mfuko wa rambo na kuufungua juu ya meza yangu. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na isipopatikana si hasara kubwa. Sisi tunaongozwa zaidi na dalili za mgonjwa kuliko sura ya nyoka.

Pili, mkalishe au mlaze chini. Asitembee, asikimbie nyumbani, asipande baiskeli akanyage pedeli mwenyewe. Hapa ndipo mkulima wetu alipokosea kwanza. Alitembea mwendo wa robo saa hadi nyumbani kwa mguu uleule.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa mengine yote yanasimama juu yake. Watu hudhani jino la nyoka huingiza sumu kwenye mshipa wa damu, kama sindano ya dripu. Mara nyingi sivyo. Sumu huachwa ndani ya nyama, na chembe zake nyingi ni kubwa mno kupenya moja kwa moja kwenye vimishipa vya damu. Husafiri kwa njia ya limfu, ile mishipa inayopita kwenye mitoki ya kinena na kwapa. Mishipa hiyo haina moyo wake wa kusukuma. Inategemea zaidi misuli: kila unapokunja na kukunjua mguu, unaikamua na kuipeleka sumu mbele. Mguu ukitulia, sumu nayo inakwenda polepole. Kwa hiyo kutotikisika ndiyo huduma ya kwanza yenyewe.

Tatu, vua kila kinachobana kabla uvimbe haujapanda: pete, saa, bangili, shanga za mguuni, viatu, soksi, suruali ya kubana. Pete ya ndoa huwa inaleta ubishi. Ivue hata kama kilichogongwa ni kiwiko, kwa maana uvimbe wa kifutu unaweza kujaa mkono mzima ndani ya saa chache, na baadaye tutalazimika kuikata kwa msumeno.

Nne, tazama saa na uikumbuke. Tutakuuliza.

Kukaza mguu

Tafuta kitu kigumu na kilichonyooka: ubao, fito mbili, hata mpini wa jembe. Kiwe kirefu kiasi cha kuvuka kifundo cha mguu na goti, maana lengo ni kuzuia viungo vyote viwili visikunjwe. Tandika nguo kati ya ubao na mguu, kisha funga kwa vipande vya kanga au shuka: juu ya goti, chini ya goti, na karibu na unyayo. Usifunge juu ya kidonda chenyewe.

Ufungaji huu unashikilia tu mguu ukae juu ya ubao, haubani. Kidole chako kimoja kipite kirahisi chini ya kitambaa. Kila robo saa gusa vidole vya mguuni. Vikiwa baridi, vimepauka au mgonjwa anasema vimekufa ganzi, legeza. Uvimbe utapanda, na kitambaa kilichokuwa kimelegea saa moja usiku kitakuwa kimekaza saa mbili bila mtu kukigusa.

Aliyegongwa mkononi mfungie ubao hivyohivyo, kisha mkono uning'inizwe kifuani kwa kanga iliyofungwa shingoni. Mguu au mkono ukae takriban usawa wa moyo. Kuuning'iniza chini kunaongeza uvimbe, na kuuinua juu sana kunapunguza damu inayofika kwenye nyama ambayo tayari ina shida.

Kidonda kifunike kwa kitambaa safi, basi. Hakuna haja ya kusugua kwa sabuni wala kumwagia spiriti.

Jambo la mwisho hapa hufanywa na wachache, nalo lina thamani kubwa kwangu. Chukua kalamu, chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe unapoishia, andika saa pembeni. Baada ya nusu saa chora mwingine. Mgonjwa akifika na mistari minne mguuni, mimi nimeshapata historia yote: uvimbe umetoka kifundoni hadi gotini kwa saa mbili, au umesimama palepale. Mambo hayo mawili yana tiba tofauti kabisa.

Kamba

Mkulima wetu alipofika nyumbani, kaka yake alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akakifunga chini ya goti, akakizungusha kwa kijiti mpaka kikaingia kwenye nyama. Ningemuuliza mtu yeyote kijijini angesema amefanya vizuri. Shuleni na kwenye vijiwe wote tumesikia: funga kamba sumu isipande kwenye moyo.

Kamba iliyokazwa kweli inazuia damu isipite. Shida ni kwamba inazuia na damu inayokuja kulisha mguu. Nyama isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache, hata kama hakuna nyoka aliyehusika. Ongeza sasa sumu ya kifutu, ambayo kazi yake kubwa ni kuyeyusha nyama na kuharibu kuta za vimishipa vya damu. Umeifungia mahali pamoja, imekaa inatafuna. Uvimbe unapanda huku kamba haitanuki, kwa hiyo inazidi kukaza yenyewe. Isipokazwa vya kutosha nayo ina ubaya wake: damu inayoingia inapita, inayorudi haipiti, mguu unajaa na kutoka damu zaidi.

Alipofika kwangu, chini ya tyubu mguu ulikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, baridi, na malengelenge yenye maji mekundu. Juu ya tyubu ngozi ilikuwa ya kawaida. Ilikuwa kama miguu ya watu wawili imeungwa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hata baadhi yetu wahudumu huikosea. Ukimkuta mgonjwa ambaye kamba imeshakaa muda mrefu, usiifungue ghafla ukiwa njiani. Sumu yote iliyorundikana chini yake itaachiwa kwa mpigo mmoja.

Hili nilijifunza vibaya. Nikiwa mgeni kazini aliletwa kijana aliyegongwa na nyoka mrefu mwembamba wakati anakata kuni. Alikuwa anaongea na kulalamikia maumivu ya kamba. Nikamwonea huruma, nikachukua mkasi nikaikata. Haikupita robo saa kope zake zikashuka, akaanza kushindwa kumeza mate, kisha pumzi ikawa fupi. Alikuwa amegongwa na koboko, na sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumulia. Tulimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono kwa zamu, muuguzi na mimi, hadi gari likamfikisha hospitali kubwa. Alipona. Tangu siku ile kamba kwangu haiguswi kabla dripu haijawekwa, dawa ya sumu iko mkononi, na kifaa cha kupumulia kiko kando ya kitanda. Tena inalegezwa kidogokidogo.

Kwa hiyo kwako uliye kijijini: usifunge. Ukikuta imefungwa, andika saa iliyofungwa, mkimbize mgonjwa hospitali, na ukifika la kwanza kusema liwe hilo: "Daktari, ana kamba tangu saa moja na nusu." Mara nyingi imefichwa chini ya suruali na hatuioni.

Wengine watakuwa wamesikia kuhusu bendeji pana inayozungushwa mguu mzima. Ipo, ilianzia Australia miaka ya 1970 kwa ajili ya nyoka wa kule, ambao sumu zao nyingi hazili nyama sana. Kwa koboko inaweza kusaidia ikifungwa na aliyefunzwa. Kwa kifutu inafanya kosa lilelile la kamba, la kuibana sumu kwenye nyama. Na kwa kuwa usiku wa giza ni wachache wanaojua kwa uhakika wamegongwa na nyoka gani, ushauri wangu kwa watu wa huku ni ubao na utulivu peke yake.

Wembe, mdomo na jiwe

Baada ya kamba, akaitwa mzee wa jirani. Akachanja chale sita kuzunguka alama za meno, akanyonya na kutema, kisha akabandika jiwe la nyoka.

Meno ya kifutu ni marefu, yanaweza kuzidi sentimita moja, na yamepinda. Sumu iko ndani kuliko chale inavyofika, na imeshaanza kusambaa katika nyama. Kunyonya kunatoa damu na majimaji, na rangi ile ya damu ndiyo inayowadanganya watu kwamba kitu kimetoka. Hizo pampu ndogo za plastiki zinazouzwa kwa watalii nazo hazina tofauti. Chale zenyewe zina hasara tatu: zinaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu, zinaingiza uchafu na pepopunda, na zinakuwa mlango wa damu kutoka. Kifutu anaweza kuvuruga uwezo wa damu kuganda, hivyo chale ambazo siku nyingine zingekauka kwa dakika tano zinavuja usiku kucha. Chale za mkulima wetu zilikuwa bado zinachuruzika alipofika, saa nne baadaye, na shuka lote lilikuwa limelowa.

Jiwe la nyoka linastahili maelezo yake. Ni kipande cheusi, chepesi, kinachobandikwa kwenye damu kikanata, na kikishajaa "sumu" huanguka chenyewe. Kisha huchemshwa kwenye maziwa ili litumike tena. Kwa kawaida si jiwe, ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa makaa. Mfupa wa namna hiyo una matundu madogo yasiyohesabika, kwa hiyo unanyonya unyevu na kunata hata kwenye ulimi wako ukiujaribu. Utanata kwenye kidonda cha panga vilevile. Damu ikiganda matundu yanaziba, unaanguka. Yote hayo hutokea sumu iwepo au isiwepo.

Wapo wanaochomoa waya wa plagi ya pikipiki na kumpiga mgonjwa shoti. Wapo wanaopaka mafuta ya taa, tumbaku au kinyesi cha mnyama, na wanaochoma kwa chuma cha moto. Shoti na moto vinaunguza, vingine vinaingiza vijidudu, na hakuna hata kimoja kinachoigusa sumu.

Lakini mbona watu wanapona? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani watu milioni 5.4 hung'atwa na nyoka kila mwaka, na kati yao wanaopata madhara ya sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Yaani nusu au zaidi hawapati sumu kabisa. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine hugonga bila kuimwaga, kwa maana sumu ni ya kuwindia panya. Mgonjwa huyo ukimbandika jiwe atapona. Ukimbandika ganda la ndizi atapona pia. Mganga ana mashahidi wa kweli kijiji kizima, watu wazima wenye makovu ya kuonyesha, na hasemi uongo. Kinachokosekana kwenye hesabu yake ni wale waliofia njiani, ambao husemwa walicheleweshwa au walirogwa.

Ndiyo maana sigombani na mzee yule. Nilimwambia kitu kimoja tu: aombe dua, ampe moyo mgonjwa, hata jiwe abandike kama lazima, ila mambo hayo yafanyike mgonjwa akiwa tayari juu ya pikipiki. Wembe na tyubu ndivyo nilivyomwomba aviache.

Asinywe nini, anywe nini

Pombe hapana. Mitishamba ya kutapisha hapana, na hapa hatari iko hasa kwa aliyegongwa na koboko au swila: koo lake linalegea, akitapika matapishi yanaingia kwenye mapafu. Maziwa ya kunywa hayafanyi chochote kwa sumu iliyo mguuni, kwa kuwa tumbo na nyama ya mguu hazikutani. Maji kidogokidogo sawa, iwapo anameza vizuri na hatapiki.

Dawa za maumivu zinahitaji uangalifu. Maumivu ya kifutu ni makali, na mtu wa kwanza kukimbiliwa ni muuza duka la dawa, naye hutoa diklofenaki au aspirini. Zote mbili zinaongeza kutoka damu, na diklofenaki inaumiza figo ambazo tayari zimo hatarini. Mpe parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mzima. Wala asichomwe sindano ya msuli kabla damu yake haijapimwa, maana inaweza kuvujia ndani ya paja.

Safari

Kabla hamjaondoka, mtu mmoja apige simu kuuliza swali moja: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Si kila zahanati inayo, na hata hospitali huishiwa. Nimeona familia ikipita vituo vitatu kwa zamu huku uvimbe ukipanda, kumbe wangepiga simu moja wangekwenda moja kwa moja kilomita arobaini. Kama mgonjwa anapumua kwa shida, hilo halisubiri: mpeleke kituo cha karibu chenye mtu wa kumsaidia kupumua, dawa itafutwe akiwa huko.

Huku kwetu gari la wagonjwa ni bodaboda. Si aibu na si kosa. Kusini mashariki mwa Nepali wanakijiji walipangwa wabebe waliogongwa kwa pikipiki za kujitolea, mgonjwa akiwa katikati ya dereva na msaidizi, na vifo vikapungua sana. Fanya hivyohivyo. Msaidizi anayekaa nyuma amkumbatie mgonjwa asianguke akilegea, na mguu wenye ubao uegemezwe usining'inie wala kugusa eksozi.

Kama kuna gari au machela, alale ubavu wa kushoto, uso ukielekea chini kidogo, ili mate na matapishi yatoke.

Njiani mchunguze kwa maswali na macho. Ukiona kope zinashuka, anaona vitu viwiliviwili, midomo inawasha au kufa ganzi, mate yanamjaa, sauti inabadilika, hapo mnashughulika na sumu ya kulegeza misuli, na saa zenu zimepungua. Pumzi ikikatika, mfungie pua, mpulizie hewa mdomoni, pumzi moja kila sekunde tano au sita, na msiache. Mgonjwa wa koboko anaweza kuonekana maiti, hafungui macho wala kusogeza kidole, na bado akawa anasikia kila mnachosema. Anayepuliziwa hewa muda wote anaweza kufika salama. Kwa kifutu dalili za hatari ni nyingine: uvimbe unaokimbia, fizi kutoka damu, jasho baridi, kizunguzungu akiinuliwa, mapigo ya haraka na dhaifu.

Swila akikutemea machoni

Hili ni fupi kwa sababu jibu lake ni rahisi. Osha macho kwa maji mengi, mara moja, kwa dakika 15 hadi 20, kope zikifunguliwa kwa vidole. Hakuna maji karibu? Maziwa yanafaa, ya kuoshea. Usisugue, usitie matone yaliyobaki ya mtu mwingine, kisha nenda ukachunguzwe, maana kioo cha jicho kikichubuka na kuingia vijidudu unaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kama hakukung'ata, dawa ya sumu huihitaji.

Mkifika

Tulichomfanyia mkulima wetu mnaweza kukitarajia nanyi. Tuliweka dripu mikono yote miwili. Tukachukua damu mililita mbili, tukaiweka kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, tukaiacha mezani dakika 20 bila kuigusa, kisha tukaiinamisha. Damu nzima hukaa imeganda kama uji uliopoa. Yake ilimwagika kama maji. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, ila kinataka kioo: kwenye plastiki, au chupa iliyosafishwa kwa sabuni, hata damu nzuri inaweza kukataa kuganda.

Dawa ya sumu huingia kwa mshipa, ndani ya dripu. Haidungwi kwenye kidonda, na si ya kuweka nyumbani kwenye friji, kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali ndani ya dakika chache, wa kushusha presha na kubana kifua. Huwa tunaitoa dawa hiyo huku adrenalini ya kutuliza mzio ikiwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Angalia pia kwamba ni dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Afrika, kwani ile ya nyoka wa Uhindi haimjui kifutu. Na mzazi asishangae mtoto wa miaka mitano kupewa kipimo sawa na cha mtu mzima. Kipimo hufuata sumu iliyoingia, na nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyemkanyaga ni mdogo. Mtoto kwa kweli ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa sumu ileile imeingia katika mwili mdogo.

Aliyefika hana dalili yoyote naye simruhusu kuondoka. Anakaa saa 24, tunampima mara kwa mara. Wengi hutoroka alfajiri wakisema mguu uko sawa.

Tyubu tuliilegeza baada ya dawa kuanza kuingia. Kufikia jioni ya siku ya pili damu yake iliganda na presha ikasimama, lakini mguu ulikuwa umeshaamua mambo yake. Alikaa wodini miezi miwili na zaidi. Alipoteza vidole viwili, na ngozi ya juu ya unyayo ilipandikizwa kutoka pajani. Vidole na ngozi siwezi kugawa kiasi gani ni cha sumu na kiasi gani ni cha tyubu. Ila chini ya goti ana kovu la duara, limezunguka mguu wote kama bangili, na hilo nyoka hakuliweka.

Siku ya tisa, akiwa bado kitandani, alipata homa, vipele, na maumivu ya viungo vyote. Ndugu zake wakaleta mganga hadi getini, wakisema sumu imerudi na inataka kutolewa. Sumu hairudi. Ni mwili uliokuwa ukiikataa dawa yenyewe, jambo linaloweza kutokea kati ya siku ya tano na wiki mbili baada ya kuipata. Tulimpa prednisoloni kwa siku tano, ikatulia. Mgonjwa wako akisharuhusiwa, akapata hali hiyo akiwa nyumbani, mrudishe hospitali ileile na umwambie tabibu tarehe aliyopewa dawa ya nyoka.